Kivuli cha Kanzu Kilichokataa Kupanda Ngazi

Kazi yenyewe ilikuwa ya bango la Idi. Mama mmoja mwenye duka la kanzu Dar es Salaam alitaka kijana aliyevaa kanzu nyeupe, kofia ya kazi ya mkono na bakora, amesimama mbele ya ngazi za nyumba ya zamani Mji Mkongwe, Zanzibar, jua la alasiri likimpiga na kivuli chake kirefu kikipanda ngazi hadi ukutani nyuma yake. Kijana nilimpiga picha Dar, uani nyuma ya studio. Ngazi nilikuwa nazo tayari, nimezipiga mwenyewe wiki mbili kabla. Kilichobaki kilikuwa kuwaunganisha, na cha mwisho katika kuunganisha kilikuwa kivuli.

Nilichompelekea mara ya kwanza ni kile ambacho wengi wetu tunakifanya. Ndani ya Photoshop nilinakili leya ya kijana, nikaijaza nyeusi, nikaivuta kwa Edit > Transform > Distort mpaka ikalala kuelekea ngazini, kisha nikaikunja kunja kwa Warp ifuate vidato. Nikaiweka Multiply kwa asilimia 60, nikaitia ukungu kidogo, nikatuma. Mama akapiga simu jioni ile ile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sikiliza, kanzu imetoka vizuri, sina neno. Lakini hicho kivuli si chake. Yaani kijana wangu anaelea, na nyuma yake kuna mtu mwingine anapanda ngazi."

Huyu mama hajawahi kufungua Photoshop maishani mwake. Ila ameona vivuli kila siku tangu azaliwe, na jicho lake lilikuwa limekamata makosa manne kwa mpigo. Kubwa kuliko yote ni moja, na ndilo nitakalokaa nalo zaidi: nilikuwa nimekikunja kivuli kana kwamba ni kitambaa. Kivuli si kitambaa. Kikitandikwa kwenye ngazi hakibaki na urefu wake ule ule kikajipinda tu kwenye kona. Kila uso kinaouangukia unakipimia urefu upya.

Niliporudi kwenye faili za Zanzibar nilikuta kwamba nilikuwa na kila kitu cha kuthibitisha hilo, sikukitazama tu. Karibu na ngazi kulikuwa na kigingi cha chuma chenye kimo cha sentimita 40, na kivuli chake kwenye sakafu tambarare kilikuwa sentimita 99. Nilivipima kwa futi ya fundi siku ile kwa mazoea tu. Ukigawanya 40 kwa 99 unapata 0.404, na pembe yenye tanjenti hiyo ni nyuzi 22: huo ndio urefu wa jua juu ya upeo wa macho. Ilikuwa saa kumi na dakika hamsini hivi. Kwetu huku karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, takriban nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo dakika 20 baadaye lingekuwa nyuzi 17 na kigingi kile kile kingetoa kivuli cha sentimita 131 hivi. Ndiyo maana kipimo cha kivuli kina maana kikichukuliwa dakika ile ile ya picha. Ukirudi kesho yake saa tofauti kidogo, unapima kivuli kingine.

Kwa jua la nyuzi 22, kitu kilichosimama wima hutoa kwenye sakafu kivuli kirefu mara 2.5 ya kimo chake. Hilo wengi wanalijua. Tunalolisahau ni kwamba kwenye ukuta wima hesabu hiyo haipo. Sentimita 10 za bakora zinazoangukia ukuta zinatoa sentimita 10 za kivuli, kwa sababu bakora na ukuta vyote vimesimama na miale ya jua inakwenda sambamba. Basi ngazi ni nini? Ni sakafu na ukuta vikipokezana. Kila kidato kina bapa, pale unapokanyaga, na kina wima, ule uso wa mbele unaougonga kwa kidole cha mguu ukipanda gizani. Kwenye bapa kivuli kinavutwa mara 2.5, kwenye wima kinarudi ukubwa wake halisi, bapa inayofuata kinavutwa tena. Mimi nilikuwa nimekivuta chote kwa kipimo kimoja, ndiyo maana kilionekana cha mtu mwingine, tena mrefu kuliko mwenye nacho.

Tuchukue vipimo vya kisa chenyewe. Kijana pamoja na kofia ni mita 1.78. Amewekwa sentimita 60 mbele ya kidato cha kwanza. Vidato ni vitatu, kila wima ni sentimita 17. Bapa mbili za kwanza zina sentimita 30 kila moja, ya tatu ni baraza nyembamba ya sentimita 60, kisha ukuta. Jua halikuja moja kwa moja kutoka nyuma ya kamera bali kutoka kushoto, likiwa limeacha mstari wa katikati kwa nyuzi 35, hivyo kivuli kinakwenda nyuma kwa mshazari kuelekea kulia. Kwa mshazari huo njia inarefuka: zile sentimita 60 za sakafu zinakuwa 73, na bapa ya 30 inakuwa karibu 37.

Sasa fuata kivuli kuanzia kisigino. Sentimita 73 za sakafu zinamaliza sentimita 30 za kwanza za mwili, yaani hadi katikati ya muundi. Wima wa kwanza unachukua sentimita 17 zinazofuata, hadi 47. Bapa ya kwanza, pamoja na upana wake wote, inachukua 15 tu, hadi karibu 61. Wima wa pili hadi 78, bapa ya pili hadi 93, wima wa tatu hadi 110. Baraza inameza kiuno na kifua hadi 140. Kilichobaki, kuanzia mita 1.40 hadi 1.78, yaani mabega, shingo, kichwa na kofia, kinasimama ukutani, kimo chake sentimita 38 kamili. Sentimita 38 za mwili, sentimita 38 za kivuli.

Nilipoona hivyo nikaelewa kwa nini picha ya kwanza ilikuwa mbaya hivyo. Kwenye picha yangu kichwa kilikuwa kimevutwa ukutani kama boga refu, na kofia ilikuwa imepita kizingiti cha dirisha. Ukweli ni kwamba ukutani kinatakiwa kiwe kichwa cha kawaida kabisa, chenye ukubwa unaoutambua. Urefu wote wa ajabu unakaa kwenye sakafu na baraza.

Kabla ya kukata chochote ilibidi nitatue jambo jingine: umbo lenyewe. Kivuli ni umbo la mtu jinsi jua linavyomwona. Kamera ilikuwa mbele ya kijana, jua lilikuwa nyuzi 35 pembeni, kwa hiyo kamera na jua havioni kitu kile kile. Kwa kijana huyu tofauti ilionekana mahali pamoja waziwazi, kwenye bakora. Alikuwa ameishika kwa mkono wa kushoto, imetangulia mbele kidogo. Kamera iliona uwazi mwembamba kati ya bakora na kanzu. Jua, kwa kuwa lilimwangalia kutoka upande wa pili, liliona uwazi karibu mara mbili ya huo. Kivuli changu cha kwanza kilikuwa na uwazi wa kamera, na bakora ilionekana imegandishwa kwenye nguo.

Hapa hakuna ujanja wa kompyuta utakaokuokoa kirahisi. Nilimwita kijana tena uani, kanzu ile ile, bakora ile ile, nikamsimamisha kama kwenye picha. Kisha nikahamia kushoto nyuzi 35, mita 4 kutoka kwake, nikapanda ngazi ya fundi umeme mpaka kamera ikawa mita 2.5 kutoka ardhini, yaani katikati ya mwili wake ikatazamwa kwa pembe ya nyuzi 22. Nikampiga kutoka hapo. Mwanga wa picha hii hauna maana yoyote, wala sura yake. Unachotafuta ni ukingo wa mwili tu. Ningekuwa na uwanja mpana ningekwenda mbali zaidi na kuvuta kwa lenzi ndefu, kwa sababu jua liko mbali kiasi kwamba miale yake ni sambamba, ilhali kamera iliyo mita 4 inakuza kidogo kilicho karibu nayo. Kwa kanzu iliyonyooka kosa hilo halikuonekana.

Picha iliyopigwa kutoka juu inamfupisha mtu, kwa hiyo umbo nililivuta urefu kwa asilimia 8 kufidia pembe ya nyuzi 22. Pia inaonyesha mabega yameinama: bega lake la kushoto, ambalo kwenye picha liko kulia na ni la mbali, lilionekana juu zaidi. Nusura niliache hivyo. Lakini kijana alisimama mabega yake yakiwa sambamba na ukuta, na bega moja haliko karibu na ukuta kuliko jingine, hivyo ukutani vivuli vya mabega lazima vikae kwenye usawa mmoja. Nikatumia Edit > Transform > Skew, nyuzi 16 hivi, mpaka mabega yakalingana. Hatua hii ndogo ndiyo inayofanya mengine yote yawe mepesi, kwa sababu baada yake unaweza kukata umbo kwa mistari mlalo iliyonyooka na kila kata italala sawasawa kwenye ukingo wa kidato. Usipofanya hivyo, kata zako zinapaswa kwenda mshazari na utachanganyikiwa kufikia kipande cha tatu.

Nikakata umbo vipande vinane kwenye vimo vile nilivyovitaja. Kisha nikatafuta mwelekeo wa kuvilaza.

Vivuli vya jua kwenye sakafu tambarare vinakwenda sambamba, na mistari sambamba kwenye picha hukimbilia sehemu moja kwenye usawa wa upeo wa macho, kama reli zinavyokutana mbali. Bapa za vidato ziko juu ya sakafu lakini nazo ni tambarare, kwa hiyo kivuli kwenye kila bapa kinaelekea sehemu ile ile. Nikapanua turubai kwa Image > Canvas Size, nikachora mstari juu ya kivuli cha kigingi, nikaurefusha mpaka ukakata mstari wa upeo. Kwa lenzi ya milimita 35 na picha yenye upana wa pikseli 6,000 sehemu hiyo iliangukia nje ya picha, kama pikseli 1,085 kulia kwa ukingo. Kwenye jaribio la kwanza sikuitafuta kabisa. Kila bapa ilikuwa na mwelekeo wake, na ndipo ile hali ya kivuli kuyumba kama mlevi ilipotokea.

Nilianza na bakora peke yake, kwa mstari mwembamba mwekundu, kabla ya kugusa kanzu. Mahali bakora inapogusa sakafu, mstari unaelekea kwenye ile sehemu ya nje. Ukifika chini ya kidato unasimama wima kabisa, kwa kuwa kamera ilikuwa imelazwa sawa na mistari ya wima ilibaki wima. Ukifika juu ya ukingo unaelekea tena kule nje. Bakora ni fupi kuliko kijana, kivuli chake kinaishia njiani, kwa hiyo niliurefusha mstari kana kwamba bakora ina kimo chake: wima, bapa, wima, baraza, kisha ukutani unapanda wima hadi usawa wa kofia. Mstari huo wenye kona kali kama meno ya msumeno ndio uti wa mgongo wa kivuli chote. Kama huna bakora kwenye picha yako, chora ya kufikirika inayopita katikati ya mwili.

Halafu vipande. Kila kimoja nilikishika pembe nne kwa Distort. Ukingo wa juu na wa chini wa kipande unakaa kwenye ukingo wa kidato. Kingo za pembeni zinasimama wima ikiwa ni wima wa kidato, na zinaelekea ile sehemu ya nje ikiwa ni bapa. Upana wake kwenye ukingo wa kidato ni mara 1.22 ya upana wa umbo, kwa sababu ya mshazari wa nyuzi 35. Ukisahau hilo unapata kivuli chembamba kuliko mtu. Kipande cha ukutani nilikipima kwa picha niliyokuwa nimepiga rula ya mita ikiwa imeegemezwa ukutani pale pale.

Jinsi ya kujua kwamba umepatia ni hii: kijana anagusa ardhi mahali pawili, miguuni na kwenye ncha ya bakora, na ncha ya bakora iko mbele kidogo ya miguu. Mimi nilipachika umbo kwa kufuata miguu. Ncha ya kivuli cha bakora ilipojikuta yenyewe imegusana na ncha ya bakora halisi, nikajua pembe zote ziko sawa. Ikiwa sehemu moja inagusa na nyingine inaachana, usiivute kwa nguvu; rudi ukaangalie Skew au ule mwelekeo, kosa liko huko.

Umbo likawa sahihi, lakini nilipolijaza nyeusi kwa asilimia 60 bado lilionekana kama rangi iliyomwagwa. Weusi wa kivuli nao haufanani kwenye kila uso. Jua likiwa chini hivyo linaikwaruza bapa kwa pembe nyembamba, ilhali wima linaupiga karibu usoni. Wima unaowaka ni mng'avu zaidi, na ukiuondolea jua unapoteza zaidi. Bapa ilikuwa inapata jua kidogo tangu mwanzo, na inaona anga lote juu yake, kwa hiyo haipotezi sana.

Kwenye kadi ya kamera nilikuwa na picha moja niliyoipiga siku ile kujaribu mwanga, kivuli changu mwenyewe na tripodi kikiwa kimeangukia vidato hivyo hivyo. Ilikaa pale wiki mbili nikiipita kama haina kazi. Nikapima mng'ao humo: bapa kwenye jua 180, kivulini 85; wima kwenye jua 240, kivulini 93. Yaani uso unaong'aa zaidi unashuka hadi karibu na mng'ao ule ule wa mwingine. Kwa hiyo badala ya leya moja nyeusi nilitengeneza leya mbili za Curves, zinazoshusha mng'ao wa kilicho chini yake, moja ya bapa zote na nyingine ya wima zote pamoja na ukuta, kila moja ikiwa na maski ya vipande vyake. Kwenye bapa niliacha buluu ishuke kidogo kuliko nyekundu, maana kinachoangaza kivuli pale ni anga. Kwenye wima sikufanya hivyo sana, kwa sababu bapa iliyo chini yake inaurudishia mwanga wa rangi ya chokaa.

Faida ya Curves juu ya weusi wa kumwaga ni kwamba chokaa iliyobanduka, mchanga na nyufa zinabaki zikionekana ndani ya kivuli. Na kuna sheria moja ya Curves ambayo sitaivunja tena: mahali ambapo tayari pana kivuli hapaongezwi kivuli. Dirisha lilikuwa na kivuli chake ukutani na kofia ya kijana ilikigusa kidogo. Mara ya kwanza palionekana weusi maradufu. Safari hii nilikifuta hapo kwenye maski, vivuli viwili vikawa kimoja.

Ukungu wa kingo ulikuwa rahisi baada ya hayo. Jua si nukta, lina upana wa nusu nyuzi hivi machoni petu, kwa hiyo ukingo wa kivuli hutanuka kwa takriban sehemu moja ya 108 ya umbali kutoka kitu hadi kivuli. Kisiginoni ni mkali kama wembe. Kwenye wima wa kwanza ni milimita 7, na kichwani ukutani sentimita 2.2, ambazo kwenye picha hii ni kama pikseli 18. Nilitumia Filter > Blur Gallery > Field Blur, nikaweka pini kuanzia sifuri miguuni na kuongeza taratibu hadi kofia. Ukungu wa aina moja kutoka mguuni hadi kichwani ndio uliomfanya mama aseme kijana anaelea, kwa kuwa pale mguu unapoikanyaga ardhi hapakuwa na ukingo mkali wa kumshikilia.

Nilidhani nimemaliza, nikakuza picha kwa asilimia 100 kukagua. Chini ya ukuta, pale baraza inapokutana nao, kulikuwa na mkanda wa plasta uliotokeza sentimita 4. Kivuli cha bega kilikuwa kimepita juu yake moja kwa moja kana kwamba haupo, na mkanda ukaonekana umechorwa. Uso uliotokeza unakutana na mwale mapema, kabla haujamaliza kwenda kulia na kushuka. Kwa hiyo kivuli juu ya mkanda kinapaswa kuwa kushoto kwa sentimita 2.8 na juu kwa sentimita 2. Nikakata sehemu hiyo, nikaisogeza pikseli 23 kushoto na 17 juu. Ni kijino kidogo tu kwenye mstari wa bega, lakini ukikizima na kukiwasha unaona ukuta unapata mwili na kuupoteza.

Kilichonishinda ni kidato cha pili. Ukingo wake umelika katikati kwa miaka ya nyayo, umekuwa mviringo, hauna kona. Kivuli cha bakora hapo hakikatiki kwa pembe, kinajipinda polepole kutoka wima hadi bapa, na weusi wake unabadilika njiani. Nilipaka maski kwa mkono kwa brashi ndogo, nikichanganya zile Curves mbili kwenye upana wa sentimita 3, huku picha ya kivuli cha tripodi yangu ikiwa wazi pembeni kama kielelezo. Haikulingana kabisa.

Mama alilipokea asubuhi. Alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza kama yule kijana tulikwenda naye Zanzibar, maana nauli ya boti hakuilipia.

Nilimwambia ukweli. Akacheka, akasema basi bango lipanuliwe liwe la mita tatu. Nikafungua faili tena, nikaanza na ukingo wa kidato cha pili.